Ukaguzi na Utaratibu wa Kurusha Droni kwa Mara ya Kwanza, Wete, Pemba

Droni hii ya mota nne tumeiunda wenyewe, hivyo ichukuliwe kuwa ina kasoro mpaka ithibitike vinginevyo. Itarushwa saa 12:30 asubuhi, kabla upepo wa kusi haujachangamka, katika uwanja wa nyasi nje ya mji, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kikiwa mkononi.

Ukaguzi wa mezani ufanywe mapanga yakiwa yamevuliwa, bila ubishi. Kila mota izungushwe peke yake, na ncha ya karatasi iguswe ubavuni mwake ili kuona inakozungukia, kwani mota moja tu ikienda kinyume, droni hupinduka papo hapo. Kisha rimoti izimwe mota zikiwa zinazunguka. Zisiposimama zenyewe, hakuna kurusha siku hiyo.

Uwanjani, dira irekebishwe mbali na gari na simu. Betri ya seli nne isome volti 16.8 ikiwa imejaa, na mapanga yafungwe mwisho kabisa, maandishi yakitazama juu. Rubani asimame mita 10 nyuma ya droni. Msaidizi awazuie watoto, ambao hawakosi kuja.

Droni ipande mita 1, ielee hapo kwa sekunde 20, kisha itue. Ikitikisika au kuvutia upande mmoja, mota zizimwe mara moja, hata ikibidi ianguke. Ikishatua, betri ichomolewe kwanza, ndipo mota zipapaswe: inayounguza kidole ikaguliwe kabla ya kurushwa tena.