Kisiwa cha Chumbe kwa poligoni chache

Tengeneza picha ya pande tatu ya kisiwa kidogo, mtindo wa poligoni chache, kinachoelea peke yake kwenye mandhari tupu ya rangi ya pichi hafifu. Kielelezo ni Chumbe, kusini-magharibi mwa mji wa Unguja. Mwonekano ni wa isometriki, kamera iko juu kiasi upande wa kusini-magharibi, ili kisiwa kizima kionekane kama kitu cha kuweka kiganjani.

Umbo lote lijengwe kwa pembetatu kubwa zenye kingo zinazoonekana wazi. Kila uso uwe na rangi moja, bila mpito wa rangi wala mchoro wowote juu yake. Kivuli kitokane na jinsi uso ulivyoelekea mwanga, basi. Usilainishe kingo hata kidogo.

Ukingo wa kisiwa ndio wa kushughulikiwa zaidi. Ni jiwe la matumbawe lililoliwa na mawimbi kwa chini, kwa hiyo sehemu ya juu imejitokeza kama kofia ya uyoga na chini yake kuna uvungu. Juu jiwe liwe la rangi ya ganda la yai, na ndani ya uvungu ligeuke zambarau ya kufifia, si jeusi. Maji yameanza kupwa, hivyo utepe mwembamba wa jiwe lililolowa uonekane, rangi ya kijivu chenye uwaridi.

Juu kuna msitu mzito: miti kama vipande vya almasi vilivyobanana, kijani cha mnanaa kikichanganyika na kijani cha majani machanga. Kati yake uchomoze mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, wenye pande nane, mweupe wa maziwa, mrefu kuliko mti wowote. Pembeni weka mabanda matatu ya makuti yenye mapaa mapana (kisiwa chenyewe kina saba, lakini yote yatajaza picha), na mapaa yawe rangi ya unga wa dengu. Kwenye jiwe moja akae kaa wa nazi, mdogo, samawati iliyopauka, wa nyuso kumi na mbili hivi. Mtazamaji amgundue baadaye.

Upande wa magharibi bahari iwe kipande cha kioo kilichokatwa wima, samawati nyepesi, ili matumbawe yaonekane chini: koni fupi na feni za waridi, pichi na urujuani. Ngalawa moja juu ya maji, tanga lake pembetatu mbili zilizokunjana kidogo.

Mwanga ni wa alasiri, laini, unatoka kushoto ukiwa na joto la asali. Vivuli virefu, kingo zake zimefifia, rangi yake samawati ya zambarau. Hakuna mng'ao mkali, hakuna ukungu, hakuna maandishi, hakuna watu. Uwiano wa picha 4:5, kisiwa katikati, nafasi kubwa iachwe juu ya mnara.