Ripoti ya mkanda wa mizigo kugonga ndege, stendi 6 Entebbe, Jumanne usiku

Bosi, habari za usiku. Naandika nikiwa bado apron maana nikilala kwanza kuna vitu nitasahau. Hakuna mtu aliyeumia. Masaa yote nimeweka ya 24, ya hapa Uganda, msije mkachanganya na ya Kiswahili, na kwa fomu ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga mtatoa 3 mpate ya zulu.

Ndege ni 737-800 ya abiria, ilisimama stendi 6 saa 20:41, choki zikawekwa, injini zikazimwa, koni zikapangwa. Kulikuwa na manyunyu kutoka ziwani tangu kama 20:30, lami imelowa lakini taa zote za stendi zinawaka na unaona vizuri. Zamu tulikuwa watano badala ya saba.

Saa 20:49 dereva wa BL-04 (ule mkanda wa dizeli, sio wa betri) aliingia upande wa kulia kwenda mlango wa mizigo wa nyuma. Alisimama mita 5 kujaribu breki kama tulivyofundishwa, ikashika, akaendelea kwa mwendo wa mtu anayetembea. Saa 20:50 kona ya kushoto ya mkanda ikagonga bodi ya ndege, chini kidogo ya mlango, upande wa mkia. Mimi nilikuwa mlango wa mbele nikasikia kitu kama sufuria imeangushwa, nikakimbia.

Maneno ya dereva, nimemwandika alivyosema: "Nilipokaribia nikakanyaga breki mguu ukateleza, kiatu kilikuwa na maji, nikakanyaga tena ndio ikashika lakini tayari nilikuwa nimegusa. Sikurudisha nyuma, nilizima gari nikanyoosha mkono kumwita supavaiza." Naomba hilo la kutorudisha nyuma mlisome mara mbili. Angerudi nyuma akanyamaza, usiku ule na mvua ile, hakuna ambaye angeona mpaka labda fundi wa kituo kingine.

Mwongozaji anasema: "Sikuwa nyuma na BL-04, niliambiwa nikasaidie mlango wa mbele kwanza." Ni kweli, mimi ndiye niliyemwambia.

Fundi wa ndege alifika 20:58 na tochi na rula. Bonyeo lina upana sentimita 11 na kina milimita 4 hivi, na mkwaruzo wa sentimita 19 umefika kwenye bati lenyewe. Kwa macho ni kitu kidogo, hata mlinzi aliuliza kwani hiyo si itapigwa rangi tu. Fundi akasema nyuma ya pale kuna fremu, lazima paneli za ndani za sehemu ya mizigo zifunguliwe waone kwa ndani, maana kila ndege ikipanda hewa ya ndani inasukuma bodi nje na ikishuka inalegea, na ufa unaanzia sehemu kama hizo. Kapteni alikuja akaangalia, akasema 21:12, "Hii leo hairuki mpaka nione sahihi ya fundi." Abiria 143 walikuwa bado hawajapanda. Opareshoni ya uwanja niliwapigia 20:54, wakaja na kamera yao, sisi tuna picha 14.

Sasa BL-04. Nililala chini nikaangalia pedali ya breki kwa tochi, raba yake imeisha kabisa, chuma kimelainika mpaka kinang'aa kama kijiko. Na mbele, raba ya kinga ya kushoto haipo, imebaki boliti mbili tu, ndio maana kona ya chuma ndiyo iliyogonga. Karatasi ya ukaguzi ya Jumapili asubuhi imeandikwa "raba ya pedali imeisha", ya Jumatatu hivyo hivyo. Ya leo 14:00 pia imeandikwa, na sahihi iliyo chini ni yangu. Niliipitisha bila kusoma ule mstari kwa sababu BL-02 iko gereji na hatukuwa na mkanda mwingine. Nimeambatanisha karatasi zote tatu, sijabadilisha kitu.

Kwa hiyo bosi naomba dereva asisimamishwe kabla watu wa usalama hawajaongea na mimi. Amepelekwa kupimwa pombe 21:25 kama kawaida, amepuliza sifuri, yuko kantini anatetemeka, nimempa chai. BL-04 nimeifunga lebo nyekundu, imeegeshwa nyuma ya konteina letu, isiguswe wala isioshwe, na gereji wasiweke raba mpya kabla haijapigwa picha mchana. Mikanda iliyobaki nataka nipitie pedali moja moja mimi mwenyewe kabla ya ndege ya 04:30, hata ikibidi mizigo ishushwe kwa mikono.

Ufunguo wa BL-04 ninao mfukoni. Niko hapa hadi 06:00.