Mstari wa wakati: dola ya Busaidi, kupanda na kushuka (marudio ya haraka, kundi la jioni, Dunda, Bagamoyo)

Wadogo zangu, karatasi hii ni ya kukunja na kutia mfukoni. Isome kwenye bajaji au jikoni ukisubiri maji yachemke. Si lazima uikariri yote kwa mpigo mmoja. Shika kwanza miaka minne: 1698, 1840, 1873, 1890. Miwili ya mwanzo dola inapanda, miwili ya mwisho inashuka, na karibu matukio mengine yote yanaingia katikati yao.

Kila mwaka uulize swali hili: ushuru wa forodha unakwenda kwa nani? Dola hii ya masultani wa Oman waliohamia Zanzibar haikuishi kwa kodi ya ardhi huko bara. Iliishi kwa kutoza bidhaa zilizopita pwani, yaani pembe za ndovu, watumwa, karafuu, sandarusi zikitoka na nguo, shanga na bunduki zikiingia. Anayekalia forodha ndiye mwenye dola. Mkilishika hili, hata mwaka ukiwapotea mtajua tukio linakaa upande gani.

KUPANDA

1698 – Waomani wa ukoo wa Yaarubi wanaiteka Ngome ya Yesu, Mombasa, baada ya kuizingira tangu 1696. Wareno wanaondolewa pwani ya kaskazini ya Ruvuma. (Walirudi Mombasa 1728, wakafukuzwa 1729. Ni mtego wa swali la kuchagua jibu, basi.)

Miaka ya 1740 – Ahmad bin Said anaanzisha utawala wa Busaidi Oman. Vitabu vinabishana kuhusu mwaka wenyewe: 1741, 1744, 1749. Kwenye insha andikeni "miaka ya 1740", mtahini hatakusumbua. Mombasa, ukoo wa Mazrui unaoutawala mji unakataa kumtambua. Kwa hiyo pwani bado haina bwana mmoja, na ushuru wa Mombasa unabaki Mombasa.

1806 – Seyyid Said bin Sultan anashika madaraka Oman akiwa kijana. Atakufa 1856. Sita mpaka hamsini na sita, miaka hamsini kamili. Huu ndio mwaka rahisi kuliko yote.

Takriban 1812 – Vita vya Shela, Lamu. Mazrui na Pate wanapigwa, Lamu inaomba ulinzi wa Said. Mlango wa pwani umemfungukia.

Miaka ya 1810 – Mikarafuu inaingia Unguja kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Haijawa mali bado. Mkarafuu huchukua miaka kabla ya kuzaa. Ndiyo maana kilimo hiki kinatajwa sana miaka ya 1830 na 1840, si mapema.

1822 – Mkataba wa Moresby. Upo kwenye upande wa kupanda, lakini uwekeeni nyota, nitaurudia chini.

1828 – Said anafika Unguja kwa mara ya kwanza. Anaona bandari yenye maji ya kutosha, udongo unaofaa na kisiwa kilicho karibu na Mrima. Baadaye Oman atamwachia mwanawe.

1833 – Mkataba wa biashara na Marekani. Bidhaa zao zinalipa ushuru wa asilimia 5. Kutoka huko ndiko ilikotoka nguo ya merikani iliyovaliwa mpaka Unyamwezi. Baadaye wakaja Waingereza (mkataba 1839, konseli Hamerton 1841) na Wafaransa (1844). Ukisahau mpangilio, kumbuka kwamba Marekani alitangulia, jambo ambalo watu wengi hawalitarajii.

1837 – Mombasa inaanguka, Mazrui wanakwisha nguvu. Sasa forodha za pwani ziko chini ya mtu mmoja.

1840 – Makao makuu yanahamia Zanzibar. Mtaona pia 1832, kwa sababu Said alianza kukaa Unguja kwa vipindi kabla ya kuhama rasmi. Ukiulizwa mwaka wa kuhamisha makao makuu, andika 1840.

Hapa ndipo kilele, na hapa tukae kidogo kwa sababu mtihani hauishi kuuliza "kwa nini dola ilistawi". Said hakukusanya ushuru mwenyewe. Aliukodisha. Tajiri wa Kihindi alimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, kisha yeye akakusanya forodhani na ziada ikawa yake. Nyumba ya Jairam Shivji ndiyo iliyoshika kazi hiyo kwa muda mrefu. Wahindi haohao waliwakopesha wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili bidhaa za kupandia bara. Mkopo unatoka Unguja, unavuka kwa jahazi mpaka hapa kwetu Bagamoyo, unapakiwa vichwani mwa wapagazi Wanyamwezi, unapita Tabora mpaka Ujiji, na kurudi kama pembe. Kusini njia ya Kilwa ilielekea Ziwa Nyasa, na Pangani na Tanga zilihudumia njia ya kaskazini. Mmeona? Askari wachache, mikopo mingi. Andikeni hivyo na mtakuwa mmejibu kwa kina kuliko kutaja "uongozi bora" na kuacha hapo.

1856 – Said anafariki baharini akirudi kutoka Oman. Funga upande wa kupanda.

KUSHUKA

1861 – Tuzo ya Canning. Wana wawili, Majid wa Zanzibar na Thuwaini wa Muscat, wanagombea urithi. Gavana Mkuu wa Uingereza nchini India anaamua. Dola inakatwa vipande viwili na Zanzibar inatakiwa kuilipa Muscat reale 40,000 kwa mwaka. Kwa hiyo sehemu ya ushuru imeanza kutoka nje. Zaidi ya hapo, mgeni amekuwa hakimu wa nyumba, na hilo mimi naliona kubwa kuliko fedha. Miaka mitano baada ya kifo cha Said: 56 + 5 = 61.

1870 – Majid anafariki, Barghash anashika. Majid ndiye aliyeanza kujenga Dar es Salaam.

1872 – Kimbunga kinaangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja majahazi ya Sultani. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana baada ya hapo karafuu nyingi zinatoka Pemba.

1873 – Mwaka mmoja baada ya kimbunga, manowari za Uingereza zikitishia kuzuia bandari, Barghash anasaini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Soko la watumwa la Mji Mkongwe linafungwa. Kariri pamoja: *72 upepo, 73 kalamu*.

Nyota ya 1822 tunairudia sasa. Hatua za kubana utumwa ni nne, mikataba mitatu na amri moja, na kila moja inabana zaidi ya iliyotangulia:
22 – marufuku kuwauzia Wakristo.
45 – marufuku kuwapeleka Arabuni (ulianza kutumika 1847). Ndani ya milki ya Sultani Afrika Mashariki bado ruhusa.
73 – marufuku baharini kote, masoko yafungwe.
97 – hadhi ya kisheria ya utumwa yafutwa Unguja na Pemba.
Imbeni mkitembea: ishirini na mbili, arobaini na tano, sabini na tatu, tisini na saba. Mwanafunzi anayeandika kwamba utumwa ulikwisha 1873 anapoteza alama. Kilichokatazwa ni biashara ya baharini. Watu walibaki watumwa mashambani kwa miaka mingine zaidi ya ishirini.

1884 – Mjerumani Karl Peters anapita Usagara akikusanya mikataba. 1885 Ujerumani inatoa hati ya ulinzi, Barghash anapinga, manowari za Kijerumani zinakuja mbele ya kasri lake, ananyamaza.

Kuanzia hapa ngazi nne, moja baada ya nyingine, na zote ni za forodha:

1886 – Waingereza na Wajerumani wanakubaliana kwamba Sultani abaki na visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10, pamoja na miji michache ya kaskazini. Bara wanagawana, mpaka ukianzia mto Umba, juu kidogo ya Tanga.
1887 – Barghash anawakodisha Waingereza pwani ya kaskazini ya Umba kwa miaka 50.
1888 – Barghash anafariki Machi. Aprili, Sultani Khalifa anawakodisha Wajerumani pwani ya kusini ya Umba, nayo miaka 50. Agosti kampuni ya Kijerumani inakuja kuchukua forodha, na pwani inawaka. Abushiri bin Salim anaongoza Pangani, kisha mapigano hapa Bagamoyo. Bwana Heri anaongoza Saadani. Mjerumani Wissmann analetwa pamoja na askari wa kukodi, na Abushiri ananyongwa Pangani Desemba 1889. Angalieni: Abushiri hakuwa akimpigania Sultani. Ukoo wake ulikuwa na ugomvi wa zamani na Busaidi. Usiandike kwamba alitumwa na Zanzibar.
1890 – Mkataba wa Heligoland kati ya Waingereza na Wajerumani. Zanzibar inakuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na Ujerumani inainunua pwani yetu kwa marki milioni 4. Kilichokodishwa 1888 sasa kimeuzwa. Dola kama dola imekwisha hapa.

1896 – Sultani Hamad bin Thuwaini anafariki 25 Agosti. Khalid bin Barghash anajitwalia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27 wanapiga mizinga, vita inakwisha kabla ya saa moja kutimia. Hamoud anawekwa.

10 Desemba 1963 uhuru. 12 Januari 1964 Mapinduzi. Sultani Jamshid anakimbia. Mwezi mmoja na siku mbili.

MASULTANI KWA MPANGILIO

Said, Majid, Barghash, Khalifa, Ali, Hamad, Hamoud. Herufi za mwanzo: S M B K A H H.
*Siku Moja Baba Kaleta Andazi, Hamisi Hakula.*
Khalid wa siku mbili yuko katikati ya Hamisi na Hakula, kwenye ile nafasi tupu. Mtihani ukitaka walioendelea mpaka 1964, ongeza Ali bin Hamoud, Khalifa bin Harub, Abdullah, Jamshid.

JIPIME (funika juu)

1. Mwaka gani ushuru wa Mombasa uliingia kwa Said?
2. 40,000 na milioni 4: nani alimlipa nani, na kwa nini?
3. Panga: kimbunga, Canning, Heligoland, Moresby, kuhamia Zanzibar.
4. Tofauti ya 1888 na 1890 kwa pwani ya Bagamoyo ni nini?
5. Nani alitangulia kufanya mkataba wa biashara na Said?

Majibu: (1) 1837. (2) Zanzibar kwa Muscat, kila mwaka, fidia ya kugawanywa kwa dola; Ujerumani kwa Sultani, mara moja, bei ya pwani. (3) 1822, 1840, 1861, 1872, 1890. (4) Kukodishwa, kisha kuuzwa. (5) Marekani, 1833. Aliyekosa la nne aje Alhamisi mapema kabla wenzake hawajafika, tulirudie pamoja.