Prompti ya video: ghorofa la Kariakoo, kutoka shimo la msingi hadi paa

Tengeneza video ya mpitisho wa haraka, sekunde 24, fremu 24 kwa sekunde, umbo la 16:9. Jengo ni la ghorofa nane, maduka chini na makazi juu, kwenye kiwanja chembamba cha Kariakoo, Dar es Salaam, kilichobanwa na majengo ya jirani pande zote mbili. Kamera imefungwa juu ya paa la ng'ambo ya barabara, inatazama kusini. Isisogee hata nukta, isivute karibu, isizunguke.

Ujenzi unachukua miezi 14, kuanzia Juni hadi Agosti ya mwaka unaofuata. Hesabu fremu moja kwa siku, karibu hivyo, zote za saa nne asubuhi. Usiku usionekane isipokuwa pale nitakaposema. Katika fremu hizo za asubuhi vivuli vielekee kulia: Juni vinakwenda kulia kwa nyuma, Januari vinageuka kulia kwa mbele, kwa sababu jua limehamia kusini.

Toleo lililopita jengo lilichipuka kama uyoga. Sitaki hilo. Hakuna ukuta unaoota wenyewe. Kila kitu kibebwe, kifungwe, kimwagwe, kingojewe.

Sekunde 0 hadi 4: uzio wa mabati, ekskaveta linachimba udongo wa kichanga, malori yanaingia na kutoka. Shimo linajaa nondo zilizosukwa, kisha zege la msingi. Kreni ya mnara, ya manjano, inasimamishwa na kreni ya gari, kipande juu ya kipande.

Sekunde 4 hadi 12: jamvi, kisha ghorofa ya kwanza hadi ya tatu. Kila sakafu ifuate mpangilio uleule: nguzo, msitu wa mirunda, mbao za boksi, nondo, zege. Mirunda ya chini isitolewe mara tu zege linapomwagwa. Ibaki imebeba sakafu changa wakati ghorofa inayofuata inaanza, maana zege huhesabiwa siku 28 kufikia nguvu yake. Juu ya kila nguzo zibaki ncha za nondo zikingoja ghorofa ijayo. Oktoba hadi Desemba mvua za vuli zipite: fremu chache za kijivu, maji yametuama juu ya sakafu, maturubai ya buluu.

Mafundi na vibarua wawe kati ya ishirini na arobaini, kofia ngumu na vizibao vya kuakisi, wakionekana kama madoa yenye ukungu kidogo wa mwendo. Mkono wa kreni uruke upande huu na huu kila fremu. Lakini kila fremu ya saba ni Jumapili: hakuna mtu, na mkono umeachwa huru ufuate upepo. Wakati wa kusi ncha yake ielekee kulia, upande wa kamera. Kaskazi ikianza, ielekee kulia, mbali na kamera. Mtazamaji hatajua anachokiona, ila ataona jengo linapumua.

Sekunde 12 hadi 17: hapa punguza kasi. Ni siku moja tu ya Februari, kumwaga sakafu ya ghorofa ya nne, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, fremu moja kila dakika nane au tisa. Magari ya zege yanarudi kinyumenyume getini moja baada ya jingine. Bomba la pampu linainama juu ya jengo. Watu wenye gambuti wamezama hadi vifundoni; mmoja anashika mashine ya kutikisa zege, wengine wawili wanavuta rula ndefu ya alumini kuelekea kwao. Giza linaingia, taa kubwa zinawashwa, kazi haikatiki. Zege halilazwi nusu.

Sekunde 17 hadi 22: rudi kwenye kasi ya mwanzo. Tofali zinaziba kuta kuanzia chini huku juu bado wanafunga nondo. Masika, Machi hadi Mei, yawe mazito kuliko vuli. Kisha kenchi za chuma na bati la buluu, plasta, jukwaa likishuka pamoja na rangi.

Sekunde 22 hadi 24: kreni ya gari inarudi na kuishusha ile ya mnara. Uzio unaondolewa.

Barabarani bajaji na mikokoteni vipite muda wote. Kushoto kwa geti, mwavuli mwekundu wa mama lishe uwepo kila fremu ya kazi, Jumapili haupo. Uzio ukiondoka, nao uondoke, pabaki alama nyeusi ya jiko kwenye lami.

Sauti ya eneo la kazi tu, bila muziki. Pasiwe na maandishi wala nembo.