Viatu vyako bado vipo, Dada Neema

Tumevitenga kwa jina lako hadi Jumamosi, na mzigo wa kwenda Dodoma tutaulipia sisi.

Habari za jioni, Dada Neema,

Jumatatu ulichagua jozi mbili za viatu dukani kwetu, ukaziweka kwenye kikapu, halafu oda ikaishia kwenye ukurasa wa usafirishaji. Labda simu iliita, labda bando lilikata, labda ulitaka kulifikiria kwanza. Yote ni sawa. Nimekuandikia kwa sababu viatu bado vipo, na nisingependa urudi ukute namba yako imeshachukuliwa.

Kikapu chako kina:

Viatu vya kike vya kufunika, ngozi nyeusi, kisigino cha sentimita 3, namba 38: Sh 68,000
Viatu vya shule vya mtoto, vyeusi, vya mkanda wa kunata, namba 32: Sh 35,000
Jumla: Sh 103,000

[ Endelea na oda yangu ]

Kupeleka mzigo Dodoma kwa basi huwa ni Sh 6,000 juu ya bei ya viatu. Kwa oda hii, gharama hiyo tunaibeba sisi. Ukifika kwenye malipo, andika MZIGOBURE kwenye sehemu ya kuponi na ile 6,000 itaondoka, ubaki na Sh 103,000 kamili. Kuponi inafanya kazi hadi Jumamosi saa 12 jioni, muda uleule tulioutengea viatu vyako. Baada ya hapo vitarudi rafuni kwa wateja wengine.

Wateja wengi wanaoishia pale ulipoishia huwa na swali moja kati ya mawili, kwa hiyo nayajibu yote hapa.

La kwanza ni namba. Kiatu usichokijaribu mguuni kinatia wasiwasi, na wasiwasi huo una msingi. Chukua karatasi, iweke sakafuni ikiwa imegusa ukuta, simama juu yake kisigino kikiwa kimegusa ukuta huohuo, kisha weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Pima kutoka ukingo wa karatasi hadi kwenye alama. Fanya hivyo jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo baada ya shughuli za kutwa, na pima miguu yote miwili, maana ni nadra ikalingana. Fuata ule mkubwa. Kiatu hiki cha namba 38 kinakaa vizuri kwenye mguu wa karibu sentimita 24. Ukipata 24 na nusu au zaidi, niandikie nikubadilishie iwe 39 kabla hatujafunga mzigo.

Tafadhali usichukue kiatu kifupi kwa kutegemea kwamba ngozi itaachia. Ngozi ya ng'ombe kweli huachia, lakini huachia upana. Urefu haubadiliki, na vidole vikigusa mbele siku ya kwanza vitaendelea kugusa hadi kiatu kichakae. Kikikubana pembeni kidogo, hicho kivae nyumbani jioni mbili tatu na soksi, kitakaa sawa.

Cha mtoto ni hesabu nyingine. Namba 32 tuliyonayo inamfaa mtoto mwenye mguu wa takriban sentimita 20, na hapo imebaki nafasi ya kama sentimita moja mbele ya kidole gumba kwa ajili ya kukua. Najua wazazi wengi huongeza namba mbili ili kiatu kidumu mwaka mzima, na bei za siku hizi zinawapa sababu. Ila kiatu kinachopwaya humfanya mtoto aburuze miguu, hujikwaa mchezoni, na soli huisha upesi upande mmoja, kwa hiyo ule mwaka hata haufiki. Nafasi ya sentimita moja inatosha. Ukipima ukaona tayari mtoto amefika sentimita 20 na nusu, chukua 33, bei ni ileile.

Swali la pili ni pesa: nitatumaje kwa watu nisiowaona? Watu wametapeliwa sana mtandaoni, na sitakuambia utuamini tu. Kwa wateja wa mikoani utaratibu wetu ni huu: unalipa Sh 20,000 kwanza kwa M-Pesa, Mixx by Yas au Airtel Money, kupitia lipa namba inayotokea kwenye ukurasa wa malipo. Kabla hujathibitisha, angalia jina linalokuja kwenye simu. Linapaswa kuwa Hatua Viatu. Likiwa jina la mtu binafsi, sitisha na utuambie. Tukishafunga mzigo na kuukabidhi kwa wenye basi, tunakutumia picha ya viatu vyenyewe na ya risiti ya mzigo yenye jina la basi na namba yake. Hapo ndipo unamalizia Sh 83,000, na sisi tunawajulisha wenye basi kwamba mzigo ni ruksa kutolewa.

Mabasi yetu ya mizigo huondoka Dar jioni. Ukilipa kabla ya saa 8 mchana, mzigo unatoka siku hiyohiyo na kesho yake unaupokea stendi kuu ya Nanenane. Nenda na kitambulisho pamoja na ile picha ya risiti. Fungua boksi palepale, angalia rangi, namba na mishono. Tukikosea sisi, tukatuma namba au rangi ambayo hukuagiza, kurudisha na kuleta vingine ni gharama yetu yote. Kama kosa halipo ila kiatu hakijakukaa, una siku 7 za kubadilisha, mradi soli ziwe safi na boksi lipo. Hapo wewe unalipia mzigo wa kuja, sisi tunalipia wa kurudi.

Neno moja kuhusu hiki cheusi cha ngozi, kwa kuwa nakijua na nakipenda. Soli yake imeshonwa kuzunguka pande zote, haikugundishwa tu, kwa hiyo siku ikichoka fundi yeyote wa mtaani anaweza kuibadilisha. Kwa vumbi la Dodoma, kifute kwa kitambaa laini kikavu kila jioni kabla ya kupaka kiwi, maana kupaka juu ya vumbi kunaikwangua ngozi. Kikilowa mvua, kijaze magazeti na ukiache kivulini. Jua kali huikausha ngozi ikapasuka palepale kiatu kinapokunjika.

[ Rudi kwenye kikapu changu ]

Ikiwa umeshapata viatu kwingine, au mambo yamebadilika, hakuna ubaya wowote. Bonyeza "Ondoa kikapu" hapo chini na hatutakukumbusha tena kuhusu oda hii. Na kama unataka jozi moja tu, toa nyingine. Kuponi ya mzigo bado itakubali.

Una swali? Jibu barua pepe hii hii. Inanifikia mimi moja kwa moja, Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Ukinitumia vipimo vya miguu, nitakuambia namba siku hiyohiyo.

Karibu sana,

Rehema
Huduma kwa wateja, Hatua Viatu
Kariakoo, Dar es Salaam

Umepokea ujumbe huu kwa sababu uliacha oda ambayo haijakamilika kwenye duka letu la mtandaoni. Hujakatwa pesa yoyote.
[ Ondoa kikapu ]   [ Acha kunitumia vikumbusho ]