Maneno ya Ufunguzi wa Maktaba ya Jamii, Pangani
Wazee wetu, ndugu na watoto wa Pangani, maktaba hii tunaifungua leo kwa heshima ya wote walioisimamisha. Mliotoa kiwanja, fedha na vitabu, asanteni sana. Nanyi akina mama wauza samaki, mliochanga kidogo kidogo kila siku ya mauzo, majina yenu yako ukutani pamoja na ya wafadhili wakubwa, na ndivyo inavyostahili. Mafundi, mlipaua katikati ya masika, na hakuna kitabu kilicholowa. Vijana wa kujitolea, mlivusha maboksi kwa kivuko kutoka Bweni, mkavipanga vitabu hadi usiku. Mwenyezi Mungu awalipe. Watoto wa ng'ambo zote mbili za mto, maktaba ni yenu. Karibuni ndani.