TANGAZO KWA UMMA: TUNAPUNGUZA WAFANYAKAZI 41 KIWANDANI KIZOTA

Kuanzia tarehe 1 Septemba, kiwanda chetu cha kukamua mafuta ya alizeti kilichopo Kizota, Dodoma, kitabaki na wafanyakazi 85 kati ya 126. Wenzetu 41 wanaoondoka walielezwa ana kwa ana, mmoja mmoja, kabla ya tangazo hili kutoka. Majina yao hatuyatangazi.

Sababu ni upungufu wa alizeti. Tuliongeza mashine na zamu ya usiku tukitarajia mzigo mkubwa kutoka Kongwa, Kondoa na Singida. Msimu huu ghala limejaa robo tu, na mzigo uliopo unamalizwa na zamu moja. Zamu ya usiku inafungwa yote: wakamuaji, wapakiaji, wapima mizani na baadhi ya mafundi. Hakuna aliyeondolewa kwa uvivu, utovu wa nidhamu au ugonjwa. Mwajiri mwingine akituuliza, atajibiwa hivyo hivyo, na cheti cha utumishi cha kila mmoja kitasema hivyo.

Orodha ya kwanza ilikuwa na watu 45. Viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi waliipinga, wakatuonyesha kwamba mashudu bado yanahitaji kusafirishwa kila siku. Walikuwa na hoja. Madereva wanne wamebaki.

Kila anayeondoka atalipwa mshahara wa siku alizofanya kazi, mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, likizo ambayo hakuichukua, na nauli ya kurudi alikoajiriwa yeye na familia yake, pamoja na mizigo. Kiinua mgongo kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa utumishi, na hesabu inaishia miaka kumi. Sisi tutalipa siku 15 kwa mwaka, na miaka yote itahesabiwa. Fedha zitaingia benki kabla ya tarehe 5 Septemba. Michango ya NSSF imelipwa hadi Julai, ya Agosti inafuata, na ofisa utumishi atawasaidia wenye sifa kujaza fomu za fao la kukosa ajira. Asiyeridhika ana haki ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kufanya hivyo hakutachelewesha malipo yake hata kidogo.

Wanaobaki wanauliza kama kuna awamu ya pili. Hatujaipanga, ila hatuwezi kuapa kuhusu msimu ujao. Zamu ya usiku ikirudi, hawa 41 wataitwa kwanza.

Wakulima mnaotudai, malipo yenu hayaguswi na uamuzi huu.

Tahadhari: kurudishwa kazini hakulipiwi. Atakayekupigia simu akidai hela ili jina lako lirudi kwenye orodha ni tapeli, hata akijitambulisha kuwa ni mmoja wetu. Usimtumie chochote, toa taarifa polisi na kwa ofisa utumishi.

Mkurugenzi Mtendaji
Kizota, Dodoma